Imeili ya "umesahau kitu kwenye kapu": namna ya kuifanya isimsute mteja

Swali: "Habari kaka. Mimi na mume wangu tunauza asali kutoka huku Tabora kwa tovuti tuliyotengenezewa na kijana mmoja, ni WooCommerce. Wateja wengi wako Dar. Mtu akijaza kapu akaondoka, anatumiwa imeili hii: 'UMESAHAU KITU! Mpendwa Mteja Wetu wa Thamani, tumegundua umeacha bidhaa kwenye toroli lako la ununuzi. Toroli lako linahuzunika bila wewe. Je, hutujali tena? Fanya haraka kabla mtu mwingine hajachukua bidhaa zako. Hii ni nafasi yako ya mwisho. KAMILISHA UNUNUZI SASA.' Wanaorudi ni wachache mno na wawili wamenijibu kwa hasira, mmoja kasema 'nimeshalipa, mnanidai nini tena?' Niiandikeje isikike kama mtu anayesaidia?"

Dada yangu, tuanze na huyo aliyesema ameshalipa, maana yeye ndo amekupa habari kubwa kuliko wote. Ukibadilisha maneno ukaacha tatizo lake, basi utakuwa unawatumia watu waliokulipa imeili yenye adabu zaidi lakini bado inawadai.

Nakuelezea ninavyoona imetokea, utanihakikishia ukicheki. Kwenye WooCommerce watu wengi wa huku tunaweka lipa namba kwa kutumia ile njia ya malipo ya benki, tunaibadilisha tu jina iitwe M-Pesa au Lipa kwa simu. Ile njia ina sehemu mbili za kuandika maelezo. Moja inaitwa `Description`, hii mteja anaiona palepale kwenye ukurasa wa kulipia kabla hajabonyeza chochote. Nyingine inaitwa `Instructions`, hii inatokea baada ya kubonyeza `Place order`, kwenye ukurasa wa asante na kwenye imeili ya oda. Sasa kama kijana wako aliandika namba ya kulipia kwenye `Description`, mteja anaisoma, anatoka kwenye tovuti, anaingia kwenye menyu ya simu, analipa, anapata meseji ya muamala, na kwake yeye shughuli imeisha. Hajabonyeza `Place order`. Kwa hiyo tovuti haina oda yoyote, ina kapu lenye asali na imeili ya mtu aliyeondoka, na ile plagini ya ukumbusho inafanya kazi yake kama ilivyoelekezwa. Hela umeipata, lakini mteja anaambiwa hakujali.

Dawa yake ni kuhamisha. Nenda WooCommerce, Settings, Payments, fungua hiyo njia, namba itoe kwenye `Description` uipeleke `Instructions`. Kule juu bakiza sentensi moja tu: "Bonyeza kuweka oda, namba ya kulipia utaipata ukurasa unaofuata." Alafu ingia kwenye mipangilio ya plagini ya ukumbusho, tafuta sehemu inayosema oda ikiwa katika hali gani ihesabiwe kuwa imekamilika, hakikisha `On hold` imo, kwa sababu oda za malipo ya namna hii huwa zinakaa `On hold` mpaka wewe mwenyewe uthibitishe hela imeingia. Na wale wanaojaza kapu alafu wanakupigia au wanakuja WhatsApp kumalizia huko, hao hakuna plagini itakayowajua, inabidi wewe au mzee uingie umfute kwenye orodha ya makapu siku hiyohiyo, na pia kwenye imeili uweke mstari wa kuwaomba radhi kama wameshalipa. Nitakuonyesha nilivyouweka.

Sasa twende kwa wale walioondoka kweli bila kulipa.

Imeili yako inaanza kwa kumwambia mtu amesahau, wakati wengi hawajasahau. Baymard, wale wanaochunguza maduka ya mtandaoni, kwa miaka wamekuwa wakionyesha kwamba karibu makapu 7 kati ya 10 huachwa, na sehemu kubwa ya hao walikuwa wanaangalia tu, hawajawa tayari kununua. Ukiwaweka pembeni hao, sababu inayoongoza kwa wanaobaki ni gharama zinazojitokeza mwishoni, usafiri na makato. Kwa duka la asali la Tabora linalouza Dar hapo ndo penyewe kabisa. Mtu ameona kilo kwa elfu kumi na tano, akaweka mbili, kichwani mwake ni elfu thelathini, anafika ukurasa wa kulipia anakuta ya kutuma, au mbaya zaidi hakuti kitu, anakuta tu neno "usafiri utajulishwa", basi anafunga. Huyo anakumbuka vizuri sana, ana swali tu ambalo hakuna mtu wa kumjibu.

Kabla hujaandika neno lolote jipya, chukua simu ya mtu mwingine, ambayo haijawahi kuingia kwenye tovuti yako, ujifanye mteja wa Tegeta anayetaka kilo mbili. Usitumie kompyuta, wateja wako wengi wako kwenye simu. Andika pembeni kila sehemu ambayo unajiuliza kitu na ukurasa haukujibu. Kwa biashara yako nategemea utakutana na matatu: kutuma ni bei gani mpaka Dar na mzigo nauchukulia wapi, asali si itamwagika kwenye basi, na nitajuaje sio ya kuchanganya na sukari. Imeili nzuri ni ile inayojibu hayo. Unavyomjibu mtu aliyesimama mbele ya meza yako pale sokoni, kashika chupa anaigeuza geuza, ndivyo uandike. Huwezi kumwambia huyo "hutujali tena?" Utamwambia kutuma Dar ni kiasi fulani, basi linaondoka asubuhi, utaipokelea Mbezi.

Hii ndo ningeiandika mimi kwa duka lako. Bei ya kutuma na saa weka zako za kweli, hizi nimeweka za mfano.

Anayetuma: jina lako la kwanza, alafu "Asali Tabora" au jina lolote la duka lenu

Kichwa: Kapu lako la asali bado lipo

Mstari wa chini ya kichwa: Bei ya kutuma Dar na namna ya kulipia iko humu

"Habari,

Jana uliweka chupa 2 za asali za kilo moja kwenye kapu, hukumalizia. Kapu tumeliacha kama lilivyo, ukitaka kuendelea bonyeza hapa chini, huna haja ya kuanza upya.

Watu wengi huwa wanatuuliza kuhusu kutuma, kwa hiyo nakuwekea kabisa: chupa 2 mpaka Dar ni sh 6,000, unaipokelea ofisi ya basi Mbezi. Oda ikilipwa kabla ya saa kumi jioni inapanda basi la kesho yake asubuhi, tunakutumia namba ya risiti ya mzigo kwa meseji. Kifuniko tunakizungushia selotepu, kila chupa inaingia kwenye mfuko wake ndipo inawekwa kwenye boksi. Ikifika imemwagika, tupigie picha, tunatuma nyingine kwa gharama yetu.

Fungua kapu langu

Ukiwa na swali lolote, kuhusu asali yenyewe au malipo, jibu imeili hii, inakuja kwangu moja kwa moja. Kama umeshalipa kwa simu, samahani kwa usumbufu, nitumie tu namba ya muamala nikuwekee oda yako sawa.

Jina lako
Tabora"

Angalia kitu kimoja, hakuna hata sehemu moja inayomwambia anunue. Inamwambia kapu liko wapi, inajibu swali lililomkwamisha, na inamwonyesha pa kuuliza mengine. Ile batani nimeiita "Fungua kapu langu" kwa sababu hicho ndicho kitakachotokea akibonyeza. Ukiiita "Kamilisha ununuzi sasa" unamwomba aamue kulipa kabla hata hajaangalia jumla imefika ngapi, na mtu aliyeondoka kwa sababu ya jumla ndo kwanza atakukimbia.

Hilo la kusema "kabla mtu mwingine hajachukua", liondoe kabisa, hata kwa maneno ya kistaarabu usilirudishe. Mteja wako anajua una zaidi ya chupa mbili. Akirudi wiki ijayo akakuta asali ipo kama kawaida, basi kila utakachomwambia baada ya hapo, hata ile habari kwamba asali yako haina sukari, atakipima kwa uongo ule mdogo. Na kwenye biashara ya asali ambapo watu wameuziwa sana iliyochanganywa, kuaminika ndo bidhaa yenyewe. Siku ambayo kweli msimu umeisha na zimebaki ndoo chache, hapo sema, tena useme na mzigo mpya unategemea lini.

Usiweke ahadi ambayo huwezi kuitimiza, hata kama niliiandika mimi. Ile sentensi ya kutuma nyingine ikimwagika, kama hamko tayari kuibeba hasara hiyo, ifute. Iandike ile mnayoweza, hata kama ni "tunarudisha nusu ya hela".

Kuhusu kuganda, unaweza kujiuliza kwa nini sijaliweka wakati ni swali kubwa. Asali halisi inaganda, hiyo ni glukosi inajitenga na kuwa chengachenga, haimaanishi imewekwa sukari, na ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi. Lakini mtu ambaye bado hajapokea asali ukimtajia kuganda kwenye imeili unamletea wasiwasi ambao hakuwa nao. Liweke kwenye ukurasa wa bidhaa, na kwenye meseji ya "mzigo umepanda basi". Kwenye imeili ya kapu weka majibu ya yale tu yaliyomfanya aondoke.

Sasa jina la mteja. Najua utashawishika kuweka "Habari Fulani" ili isikike ya mtu kwa mtu. Mimi ningeliacha. Kwenye ukurasa mpya wa kulipia wa WooCommerce imeili ndo inaulizwa ya kwanza, majina yanafuata baadaye, kwa hiyo wengi wanaoondoka mapema umepata imeili tu jina hamna, na plagini itatuma "Habari ," na nafasi tupu kabla ya mkato. Hapo ndo mtu anajua ni mashine, hata maneno mengine yote yakiwa mazuri. Alafu kuna wanaoandika jina kwa herufi kubwa zote, au jina la duka lao, au "abc" tu. Kinachomfanya mtu ahisi ameandikiwa yeye ni kutaja kile alichokiweka kwenye kapu, chupa 2 za kilo moja, na hicho tovuti inacho kwa uhakika. Plagini nyingi zina tagi ya kuingiza bidhaa za kwenye kapu, iweke, alafu jitumie mwenyewe ya majaribio uone inavyotokea kwenye simu, kuna nyingine zinaleta jedwali kubwa linalokatika pembeni. Na hiyo "Jana" kwenye mfano wangu ibadilishe iwe "Leo" au "Hivi karibuni" kulingana na muda utakaochagua, maana plagini haitaibadilisha yenyewe.

Muda sasa. Wauzaji wengi wa plagini watakuambia tuma ndani ya saa moja. Kwa mteja anayelipa kwa kadi inaweza kuwa sawa. Kwa mteja wako anayelipa kwa simu, saa moja ni mapema mno, kuna ambao hela haipo kwenye laini, anasubiri apite kwa wakala akaweke, mwingine anasubiri ruhusa ya mwenzake nyumbani. Ukimgongea ndani ya saa moja anahisi anafuatwa. Ningeweka isubiri masaa manne hivi. Lakini kumbuka plagini inahesabu dakika tu kutoka alipoondoka, haiangalii kama ni usiku, mtu akiacha kapu saa nne usiku itamfikia saa nane usiku. Kama yako ina sehemu ya kuzuia saa za usiku, itumie, kama haina basi iweke isubiri kama masaa kumi na mbili, hapo makapu ya usiku yanafikiwa asubuhi na ya asubuhi yanafikiwa jioni.

Ya pili itume baada ya siku mbili, na iwe fupi sana, na isirudie ya kwanza:

"Habari, ni mimi tena wa asali ya Tabora. Sitakutumia nyingine kuhusu kapu hili. Kama kuna kitu kilikukwamisha, bei ya kutuma, malipo, au hukuwa na uhakika na asali, niambie kwa neno moja tu, itatusaidia hata kwa wengine."

Ikiisha hiyo, basi. Hakuna ya tatu. Mtu aliyekaa kimya mara mbili ameshajibu.

Na isiwe na punguzo. Najua kila mtu anaweka asilimia kumi kwenye ukumbusho wa pili. Kwa duka dogo lenye wateja wanaojirudia, mtu akipata punguzo mara moja kwa kuondoka, mara ya pili ataondoka makusudi asubiri, na atamwambia na shoga yake. Kama tatizo ni gharama ya kutuma, ni bora useme ukweli wake kwamba chupa nne zinasafiri kwenye boksi moja kwa karibu bei ileile ya mbili, kama kweli ndivyo kwa basi mnalotumia. Hiyo inamsaidia na wewe hujashusha bei ya asali.

Kuhusu hiyo ahadi ya "jibu imeili hii", cheki anwani inayotuma. Kama ni `noreply@` kitu fulani, majibu yanapotea, na hao wawili walioweza kukujibu kwa hasira labda walitafuta anwani nyingine. Weka anwani ambayo wewe unaifungua kila siku. Mwambie kijana ahakikishe SPF na DKIM za domeni yenu zimewekwa, yaani zile rekodi zinazothibitisha kwamba imeili imetoka kwenu kweli, bila hivyo Gmail inaweza kuitupa spam na utakuwa unalaumu maneno bure. Na kwa kuwa wateja wetu wengi wako huru zaidi WhatsApp, ongeza linki chini ya batani, namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nauliza%20kuhusu%20kapu%20langu%20la%20asali
```

Akibonyeza, maneno yanakuwa yameshaandikwa, anatuma tu, na wewe unajua ametokea wapi.

Jambo jingine ambalo watu wanaliruka. Plagini hizi huwa zinachukua imeili mtu anapoiandika tu, hata kabla hajabonyeza chochote. Kwa hiyo unamwandikia mtu ambaye kwa mawazo yake hajakupa ruhusa, na hasira nyingine zinatoka hapo, "mmeipata wapi imeili yangu?" Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na msingi wake ni kwamba mtu ajue taarifa yake inachukuliwa kwa ajili gani. Weka mstari mdogo chini ya sehemu ya imeili: "Tutaitumia kukutumia habari za oda yako, na kukukumbusha ukiacha kapu." Na chini ya kila ukumbusho weka linki ya kuacha kupokea. Mtu aliyeusoma ule mstari hawezi kushtuka akipata imeili.

Ukishaiwasha, usihangaike na asilimia ya waliofungua. Tangu mwaka 2021 programu ya Mail ya simu za Apple inaweza kupakua picha za imeili yenyewe hata mwenye simu hajaisoma, na kupakuliwa huko huhesabiwa kama kufunguliwa, kwa hiyo hiyo namba inavimba bila sababu. Na usijaribu kupima vichwa viwili vya habari kwa kuwagawa wateja nusu kwa nusu, kwa makapu machache ya duka dogo tofauti utakayoiona itakuwa bahati tu. Angalia vitu viwili: oda zilizolipwa kutoka kwenye ile linki ya kapu, na maneno ya wanaokujibu. Hayo majibu yaandike kwenye daftari kama yalivyo. Wakijitokeza watatu wanne wanauliza kitu kilekile, mfano kama mnatuma mpaka Zanzibar au kama wanaweza kulipa mzigo ukifika, basi jibu lake lipeleke kwenye ukurasa wa bidhaa, juu kabisa, karibu na bei. Utaona makapu yanayoachwa yenyewe yanapungua.

Kwa leo anza na kuhamisha ile lipa namba, maana kila siku ikikaa pale kuna mtu anayelipa na kesho yake anasutwa. Zima ukumbusho wa zamani kabisa wakati unaandika mpya, kukaa siku chache bila ukumbusho hakutakugharimu kitu. Alafu washa mpya, weka oda moja ya kweli kwa simu ya mume wako, lipeni, subirini ule muda mliouweka upite, muone kama kuna imeili yoyote ya kapu inaingia. Isipoingia, jaza kapu jingine uondoke bila kulipa. Hiyo ndo inatakiwa iingie, na uisome kwenye simu, kwa sauti, mbele ya mtu ambaye hajui biashara yenu, umuulize ameelewa kutuma ni bei gani na mzigo anauchukulia wapi.